Daftari limejaa, lakini mtoto hajui kusoma. Nimwambie mama yake?

Shikamoo mama,

Naishi Kinyerezi, Dar es Salaam, nina mume na watoto wawili. Nilifundisha shule ya binafsi kwa miaka sita, mkataba ukaisha na haukuongezwa. Nikaanza kuwasaidia watoto wa jirani kwenye kibaraza changu, wawili watatu, bila malipo. Leo wako kumi na wanne: watano wa darasa la pili, wanne wa la nne, watatu wa la tano na wawili wa la saba. Tunasoma Jumatatu hadi Ijumaa, saa tisa na nusu hadi saa kumi na mbili jioni. Watatu wanapita madrasa kwanza, wanafika saa kumi na moja wenzao wakiwa katikati ya somo.

Kila mtoto analipa Sh 500 kwa siku aliyokuja. Mwezi uliopita tulikuwa na siku 21 za masomo, kwa hiyo nilitakiwa kupata Sh 147,000. Daftari langu linasema nimepata Sh 83,500. Hapo sijatoa chaki, kopi za maswali, maji ya kunywa na umeme, ambavyo vinakula kama Sh 18,000. Mume wangu hanikatazi, ila ananiuliza kama hii ni kazi au ni ujirani.

Sasa wazazi wa darasa la nne na la saba wamekuja na wazo. Niwaache wadogo, nichukue madarasa ya mtihani tu, walipe Sh 25,000 kwa mwezi, na wataniletea wengine mpaka watimie kumi. Wanataka jaribio kila Ijumaa na nafasi ya kila mtoto itangazwe kwenye kundi la wazazi kwenye simu.

Linaloninyima usingizi ni jingine. Kuna kijana wa darasa la nne, mama yake anauza maandazi mtaani kwetu na hajawahi kukosa mia tano hata siku moja. Mtoto ana mwandiko mzuri kuliko wote, daftari lake limejaa vema. Wiki mbili zilizopita nilimpa kitabu asome, akanyamaza. Hajui kusoma mama. Ananakili ubaoni herufi moja moja kama mtu anayechora ua. Mama yake anaamini tuisheni imemkomboa na anawaambia wenzake. Nikimwambia ukweli ataona nimemla hela mwaka mzima, na wengine watamfuata kuondoka. Nisipomwambia, Oktoba upimaji wa darasa la nne utamwambia.

Nipandishe ada? Nikubali la wazazi? Na huyu mama nimwambieje?

Mwalimu wa kibarazani

—

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila mara nilisimama pale kijana aliponyamaza na kitabu mkononi. Ada umeiweka ya kwanza kwenye maswali na kijana wa mwisho. Niruhusu nianze na kijana, kwa sababu ada, ratiba na taarifa kwa wazazi vyote vinamsubiri yeye.

Kwanza nikuulize. Umejua kwamba huyu hasomi kwa sababu siku moja ulimpa kitabu. Wale kumi na watatu wengine je? Umeandika madarasa yao vizuri sana, lakini darasa linatuambia mtoto ana umri gani na amekaa shuleni miaka mingapi. Halituambii anasoma nini. Nadhani hata wewe ukikaa leo hutaweza kuniambia kwa uhakika yule wa tano anayekaa pembeni anasoma aya au anabahatisha. Sikulaumu. Mwalimu mwenye madarasa manne kibarazani anashinda ameupa uso ubao, anaandikia hawa, anafutia wale, anasahihisha wa kule, na vema inawekwa kwa kuangalia kama kilichoandikwa kinafanana na cha ubaoni. Kijana wako hakukudanganya. Alifanya kazi aliyopewa, na aliifanya vizuri kuliko wote.

Kwa hiyo kabla hujajibu wazazi na kabla hujagusa ada, ningetumia wiki moja kuwapima wote. Njia ninayokuambia ni ile iliyotumiwa na utafiti wa Uwezo, ulioanza hapa Afrika Mashariki 2009 kwa kuiga wenzao wa India. Wapimaji walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na karatasi chache tu, na wewe unaweza kuziandika kwa mkono. Ya kwanza ni ya silabi kama kumi hivi, rahisi na ngumu pamoja: ba, me, ki, to, nyu, mba, ng'o, gha. Ya pili maneno kumi: meza, kuku, samaki, mlango, ng'ombe. Ya tatu ni aya ya sentensi nne: Juma ana mbuzi. Mbuzi wake ni mweupe. Kila jioni anampa majani. Leo mbuzi amekataa kula. Ya nne ni hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, mistari kama kumi, na maswali mawili ya kuelewa. Itunge wewe mwenyewe, usiitoe kwenye kitabu cha shule, maana watoto wengi wanakariri kitabu chote bila kusoma neno.

Mwite mtoto mmoja mmoja, mbali na wenzake, hata kama ni mlango wa jikoni. Mpe aya kwanza. Akiisoma kama sentensi, asijikwae zaidi ya mara tatu, mpandishe kwenye hadithi. Akishindwa, mshushe kwenye maneno, achague mwenyewe matano. Akisoma manne sawasawa, ngazi yake ni maneno. Akishindwa hapo, nenda kwenye silabi. Ukihisi amekariri, mwonyeshe maneno ya aya kutoka la mwisho kurudi la kwanza. Anayesoma atayasoma tu. Aliyekariri atakutazama usoni. Mtazame na jinsi anavyoshika karatasi. Anayeileta puani au anayekunja macho apimwe macho kwanza kabla hujasema hajui. Kazi yote ni dakika tano hadi saba kwa mtoto, kwa hiyo ukichukua watatu kwa siku, kabla ya Ijumaa kuisha umewamaliza.

Kwenye hesabu swali moja linatosha kukupa picha: 52 kutoa 27. Mwenye jibu la 25 yuko sawa. Mwenye 35 hakukosea kwa bahati mbaya. Ametoa ndogo kwenye kubwa kila upande, saba kutoa mbili, tano kutoa mbili, na atafanya hivyo hivyo kwenye maswali mia ya mtihani mpaka mtu amkalishe na vijiti vya kuhesabia amwonyeshe kumi moja inavyofunguliwa.

Ukishapima, andika majina upya kwa ngazi, si kwa darasa. Mimi sijui utakuta nini, lakini usishangae kukuta mtoto wa pili anasoma hadithi na wa tano yuko kwenye maneno. Hapo ndipo makundi yako yanapozaliwa. Leo una dakika 150 kwa watoto kumi na wanne, sawa na dakika kumi na kidogo kwa kila mmoja, na sehemu kubwa ya hizo inaliwa na ubao. Ukiwagawa wawe makundi mawili, wale wa silabi na maneno upande mmoja na wale wa aya na hadithi upande mwingine, kundi la kwanza linaweza kukaa saa tisa na nusu hadi saa kumi na dakika hamsini, la pili saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili na robo. Kila mtoto anakaa muda mfupi kuliko sasa, lakini muda wote unafundisha somo moja. Na wale watatu wa madrasa wanapata mahali pao bila kuingilia katikati.

Kuna miiba miwili hapo. Wa kwanza, watatu wa madrasa huenda si wa ngazi moja, na utalazimika kumchukua mmoja wao Jumamosi asubuhi au kumweka karibu yako ndani ya kundi lisilo lake. Wa pili ni aibu. Mtoto wa darasa la tano akikalishwa na wa la pili, kesho atapita mtaa mwingine asionekane. Mimi niliwahi kumpa mkubwa wa namna hiyo kazi ya kugawa vifuniko vya soda nilivyoviandikia silabi, akawa mshika vifuniko. Alikuwa anajifunza mle mle, na wadogo walimwona msaidizi. Lakini kuna mwingine alikataa kabisa, na huyo ilibidi nimchukue peke yake dakika ishirini kabla ya wenzake. Lazima ujue una nguvu ya kufanya hivyo kwa wangapi.

Sasa tuje kwenye hela. Unauliza kama upandishe ada, mimi nakuuliza kama shida yako ni udogo wa ada. Sh 147,000 kasoro 83,500 ni Sh 63,500 zilizopotea, na hazikupotea kwa sababu mia tano ni ndogo. Fungua daftari uangalie mahudhurio na malipo kwa pamoja. Nina hisia utaona watoto hawaji siku ambazo nyumbani hakuna mia tano. Ada ya siku inamfundisha mzazi kwamba siku isiyo na hela ni siku ya kupumzika, na mtoto wa silabi akikosa siku mbili kwa wiki anarudi nyuma alikotoka. Ukipandisha iwe mia saba, huenda siku hizo zikaongezeka.

Ada ya mwezi inatibu hilo, lakini inaleta lake. Mama wa maandazi hesabu yake ni ya kila siku, na kumtaka atoe Sh 10,000 tarehe 5 ni kumtuma akakope. Katikati kuna ada ya wiki: Sh 2,500 kila Jumatatu, ni ile ile mia tano mara tano, ila analipia kiti badala ya kulipia siku. Mtoto asipokuja Jumatano kiti chake bado ni chake na kimelipiwa, na ghafla mzazi mwenyewe atamhimiza aje. Watoto kumi na wanne kwa wiki nne ni Sh 140,000. Usiihesabu hiyo. Hesabu kumi na mmoja watakaolipa kweli, yaani Sh 110,000, toa Sh 18,000 zako, unabaki na Sh 92,000, ambapo mwezi uliopita ulibaki na Sh 65,500. Hujampandishia mtu hata senti.

Atakayechelewa mpe wiki moja. Wiki ya pili nenda kwa mzazi, usimtume mtoto na ujumbe wa deni na usimrudishe mlangoni wenzake wakiona. Kila anayelipa mwandikie risiti, hata kwenye kidaftari cha kuchana, na wewe ubaki na nakala. Ugomvi mwingi wa majirani niliouona kwenye tuisheni haukuwa wa kutolipa. Ulikuwa wa "nilimpa mtoto akuletee."

La wazazi wa mtihani usilitupe, maana limebeba hela ya kweli. Tulipige kwa mwaka mzima. Tuseme kumi wametimia, sita wa la nne na wanne wa la saba. Darasa la saba wanafanya mtihani wao Septemba, la nne wanapimwa mwishoni mwa Oktoba, na Juni ni likizo. Wa la nne watalipa miezi tisa, ambayo ni Sh 1,350,000. Wa la saba watalipa miezi nane, na Septemba yenyewe usiitegemee sana, ni Sh 800,000. Jumla Sh 2,150,000, ukiigawa kwa miezi kumi na miwili ni kama Sh 179,000 kwa mwezi kabla ya matumizi. Ile njia ya wiki, kwa miezi kumi ya masomo, ni Sh 1,100,000, karibu Sh 92,000 kwa mwezi kabla ya matumizi. Kwa hiyo kwenye karatasi wazazi wa mtihani wanakupa karibu mara mbili. Ila Sh 250,000 uliyokuwa unaiona kichwani si ya kila mwezi, na Novemba na Desemba hutakuwa na mtu kibarazani. Wale wadogo watano wa darasa la pili ndio wangekuwa wateja wako kwa miaka kadhaa ijayo.

Kuna na hili. Kati ya wanne wa darasa la nne ulionao, mmoja ni huyo kijana. Ukiwa na madarasa ya mtihani tu, kazi yako itakuwa kupitia maswali ya miaka iliyopita, na yeye atanakili majibu kwa ule mwandiko wake mzuri. Halafu Ijumaa utatangaza nafasi. Katika watoto kumi lazima awepo wa kumi, na mzazi wake naye atakuwa ametoa Sh 25,000. Nafasi inapanda na kushuka kwa sababu ya wengine. Mtoto anaweza kutoka neno kwenda aya kwa miezi miwili, akabaki wa tisa vile vile, na mama yake akaona hakuna kilichofanyika. Ukilichukua kundi hilo, nadhani unaweza kujadiliana nao: jaribio liwepo, lakini kila mzazi apate la mwanawe peke yake, alama zikilinganishwa na za jaribio lake lililopita. Wakikataa, utakuwa umejua mapema wanachonunua kwako.

Ipo njia ya kati pia, kuwachukua wa mtihani siku mbili kwa wiki kwa ada yao tofauti na kuacha siku tatu za kusoma kwa wote. Hapo ndipo walimu wengi huangukia, na hapo ndipo huchoka. Una watoto wako wawili wanaohitaji chakula saa moja. Hiyo mpigie hesabu na mume wako, mkiwa wawili, na daftari likiwa mezani.

Nirudi kwa mama wa maandazi. Nilipokuwa na miaka michache kazini niliandika "anajitahidi" kwenye ripoti ya mtoto mmoja mihula mitatu mfululizo. Alikuwa na adabu na alikuwa akifika mapema. Baba yake alikuja baada ya mitihani akiwa na zile karatasi tatu, akazipanga juu ya meza yangu moja baada ya nyingine, akaniuliza, "Mwalimu, hili neno maana yake nini?" Sikuwa na jibu, na sijawahi kuliandika tena.

Umesema ataona umemla hela mwaka mzima. Anaweza. Lakini fikiria amekaa na mtoto huyo miaka tisa au kumi. Una uhakika hajawahi kumpa karatasi ya dawa amsomee akaona amenyamaza? Wazazi wengi wanajua jambo bila kulipa jina. Na huenda yeye mwenyewe hasomi, na ndiyo maana daftari lililojaa vema lilimtosha. Hilo uliingie kwa upole, kwa sababu likiwa kweli, kadi utakayomwandikia haitamsaidia kitu.

Usiende kwake akiwa na wateja. Nenda saa nne asubuhi maandazi yameisha, bila mtoto. Wala usianze na neno "hajui". Ungeweza kuanza na kosa lako: "Mama, nimekuwa nikimsahihisha kwa kuangalia mwandiko, sikumsomesha kwa sauti. Wiki hii nimempima. Silabi hizi anazijua, hizi bado, maneno bado. Nataka tuanzie hapo." Mwambie na hili kabla hujaondoka: asimchape. Mtoto akichapwa leo kwa sababu hajui kusoma, kesho ataficha vizuri zaidi, na huyu tayari ni hodari wa kuficha. Kama moyo wako unakutuma umpunguzie malipo ya miezi miwili mitatu, ni juu yako. Mimi nisingemrudishia za nyuma, maana hutaweza kufanya hivyo kwa wote, lakini ningemwahidi dakika kumi na tano za kijana peke yake kila siku anayokuja.

Dakika hizo usizitumie kwenye ubao. Vifuniko vya soda ishirini, kila kimoja silabi, aunde ma-ma, me-za, sa-ma-ki, azivuruge, aunde tena. Kisha imla ya maneno matano, wewe unataja, yeye anaandika bila kutazama popote. Hapo ndipo utamwona jinsi alivyo, kwa sababu hakuna cha kunakili. Wiki za kwanza mwandiko wake utaharibika na atalia. Mwandae mama yake kwa hilo, maana ataona daftari limekuwa baya na kudhani mtoto anarudi nyuma.

Usiahidi tarehe. Kwa niliowafundisha, kuna waliovuka kutoka silabi hadi aya ndani ya muhula mmoja, na kuna waliotaka mwaka. Kama baada ya miezi miwili mitatu ya kuhudhuria bila kukosa hajatoka alipo, usiendelee kuchukua hela kimya kimya. Kaa na mama yake, mpeleke akapimwe macho na masikio, na mzungumze na mwalimu wake wa darasa.

Taarifa kwa wazazi ifanye fupi, ya mwezi, ya mtoto mmoja. Mistari minne inatosha: alianzia ngazi gani na tarehe gani, leo yuko ngazi gani, amehudhuria siku ngapi kati ya ngapi, na nyumbani afanye nini. Kwa mfano: "Februari 3 alisoma silabi nne kati ya kumi. Februari 28 amesoma silabi tisa na maneno mawili kati ya matano. Alikuja siku 17 kati ya 19. Nyumbani: kila jioni akutajie majina matatu ya vitu vya jikoni na ayaandike bila kunakili." Kwa mzazi asiyesoma, tumia simu. Mrekodi mtoto dakika moja akisoma siku ya kwanza, umrekodi tena mwisho wa mwezi karatasi ile ile na nyingine mpya, umsikilizishe mama yake zote mbili. Omba ruhusa yake kwanza, na sauti hiyo isifike kwenye kundi la wazazi. Sijaona ripoti inayomfikia mzazi kama sauti ya mwanawe.

Na kabla hujaweka ada mpya au kuongeza watoto, pita ofisi ya serikali ya mtaa, kisha kwa Afisa Elimu Kata, uwaeleze unachofanya na uulize kinachotakiwa kwako kwa idadi hiyo ya watoto. Afadhali wakukute umekuja mwenyewe kuliko waletwe na jirani aliyechukia. Watoto wafundishwe kibarazani panapoonekana kutoka nje, na uandike nani anamchukua nani jua likizama, hasa hilo kundi la pili.

Wiki ya kupima haikugharimu kitu zaidi ya karatasi nne, na haikufungi kwa wazazi wa mtihani wala kwa ada ya wiki. Wanaosubiri jibu lako waombe siku kumi. Kisha uniandikie tena majina bila majina, ngazi tu: wangapi silabi, wangapi maneno, wangapi aya, wangapi hadithi. Na uniambie kijana alisoma silabi ngapi kati ya kumi.

Mama Mshauri